Foklifti inayochoka saa saba mchana: isome betri kabla ya kuihukumu

Malalamiko ninayoitiwa mara nyingi kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza ni haya: foklifti ya umeme imetoka kwenye chaji alfajiri, kioo chake kinaonyesha imejaa, lakini ikifika saa saba mchana uma unagoma kupanda. Zamani mashine hiyohiyo ilikuwa inafika saa kumi jioni. Kabla sijafungua hata kifuniko, mtu ameshasema betri imekufa, inunuliwe nyingine.

Ninaumia nikisikia hukumu hiyo ikitolewa bila kipimo. Betri ya foklifti si betri ya gari. Imetengenezwa ili kila siku itumike hadi asilimia 80 ya uwezo wake, ichajiwe usiku, na kesho irudie. Watengenezaji wengi wanaihesabia karibu mizunguko 1,500 ya namna hiyo. Ukichaji mara moja kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni miaka karibu mitano. Ikichoka mapema, kuna kitu kimeichosha, na mara nyingi kitu hicho kitaichosha na mpya utakayoinunua.

Nitaeleza jinsi ninavyotafuta chanzo, nikifuata kazi moja niliyoifanya kwenye ghala la baridi upande wa Nyakato. Foklifti yao inabeba paleti za minofu ya sangara kutoka chumba cha kugandishia hadi kwenye kontena. Betri ni ya volti 48, seli 24, kila seli imeandikwa `5PzS 625`, na ilikuwa na umri wa miaka minne.

Maandishi hayo yana maana

Usipite juu ya maandishi ya kwenye seli, maana yanakueleza kilichomo ndani. Herufi `PzS` ni alama ya Kijerumani ya bamba chanya la mirija. Namba 5 ni idadi ya mabamba chanya ndani ya seli hiyo, na 625 ni uwezo wake kwa ampea-saa ukiitumia kwa saa tano. Kwa hiyo kila bamba chanya linatoa 125. Mabamba hasi ni sita, moja zaidi, ili kila bamba chanya liwe katikati ya mawili hasi.

Betri ya gari ina mabamba bapa pande zote mbili. Wavu wa risasi unapakwa unga wa risasi kama mtu anayekandika ukuta kwa udongo, ukikauka umekwisha. Bamba chanya la foklifti limejengwa tofauti kabisa. Chukua kitana, kigeuze meno yatazame chini. Kila jino ni ufito wa risasi iliyochanganywa na antimoni. Juu ya kila ufito unavalishwa mrija mwembamba uliofumwa kwa nyuzi za poliesta, mfano wa soksi ndefu. Nafasi kati ya ufito na soksi inajazwa unga wenyewe unaotunza umeme, yaani dioksidi ya risasi, wa rangi ya kahawia iliyokolea. Chini mirija inazibwa kwa ukanda wa plastiki.

Soksi hiyo ndiyo siri ya betri hii. Betri inapotoa umeme, dioksidi ya risasi inageuka kuwa salfeti ya risasi, na salfeti inachukua nafasi karibu mara mbili ya ile ya mwanzo. Unapochaji inasinyaa tena. Kila siku unga wa bamba chanya unavimba na kunywea, unavimba na kunywea. Kwenye bamba bapa, mkandiko huo unalainika, unamomonyoka, unaanguka chini ya seli. Kwenye mrija hauna pa kwenda. Soksi inapitisha asidi lakini inazuia unga, na ufito ulio katikati unabaki umeshikana na unga pande zote, hivyo umeme haukosi njia. Antimoni nayo inasaidia unga ushikamane na ufito mzunguko baada ya mzunguko. Gharama yake ni kwamba betri yenye antimoni inakunywa maji zaidi, ndiyo maana ina vifuniko vya kujazia.

Upande hasi umeachwa kuwa bamba bapa la kawaida, kwa kuwa risasi laini ya upande huo haimomonyoki kwa namna hiyo. Udhaifu wake ni mwingine, ugumu wa salfeti, na huo soksi haiuzuii. Shika tofauti hiyo, maana kila dalili nitakayoitaja inarudi hapo: mrija unailinda betri dhidi ya kumomonyoka, haukulindi wewe usipoijaza chaji, usipoipa maji, au ukiichemsha.

Maswali kabla ya vipimo

Dereva wa mashine ile ni mzee wa makamo aliyeiendesha tangu ilipofika. Nilianza na yeye.

"Shikamoo mzee. Zamani ilikuwa inakufikisha saa ngapi?"

"Marahaba. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, fundi, na uma unapanda kama kawaida. Sasa saa saba imeniacha na paleti mlangoni, milango ya baridi iko wazi."

"Na chaji inawekwa saa ngapi?"

"Mimi naondoka saa kumi. Anayeichomeka ni kijana wa usiku, anaingia saa mbili. Saa kumi na moja alfajiri inachomolewa, gari la kwanza linapakia."

Hapo nilikuwa nimepata nusu ya jibu. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa tisa. Tena kijana wa usiku alikiri kwamba umeme ukikatika na jenereta likiwashwa, chaja inazimwa ili majokofu yapate nguvu, na kuna usiku ambao hawakumbuki kuiwasha tena.

Sasa angalia hesabu ya chaja. Ilikuwa chaja ya transfoma, ya kawaida kwa betri hizi: inaanza na takribani ampea 16 kwa kila ampea-saa 100 za betri, inashuka hadi 8 seli ikifika volti 2.4, na inamalizia na 4 ikifika 2.65. Kwa betri ya 625, ni ampea 100, kisha 50, kisha 25. Betri iliyotumika asilimia 80 imetoa ampea-saa 500, nayo unapaswa kuirudishia karibu mara 1.2 ya hizo, yaani 600, kwa sababu sehemu ya mwisho ya chaji inapotea kwenye kuchemsha mapovu. Chaja ile ingehitaji karibu saa 12. Walikuwa wakiipa tisa, na mara nyingine sita.

"Lakini kioo cha mashine kinasema imejaa," msimamizi aliniambia.

Kioo hicho kinasoma volti tu. Betri ikichomolewa tu kwenye chaja, volti yake iko juu kuliko ukweli, na kioo kinarudi kuonyesha imejaa. Taa ya kumaliza iko kwenye chaja yenyewe, na chaja ilikuwa chumba cha pili ambako hakuna aliyekuwa akiitazama alfajiri. Ukitaka kujua kama betri imejaa, tazama taa ya chaja, halafu asidi.

Dalili ya kwanza: seli zote zimeshuka pamoja

Haidromita ya kioo yenye kipira juu, inayopima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, haina bei kubwa, na ndiyo chombo ninachokiamini kuliko vyote kwa kazi hii. Vaa miwani na glovu za mpira, weka ndoo ya maji safi karibu, fungua kifuniko kizima cha betri hewa ipite. Betri iliyotoka kwenye chaji imejaa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja ya spana. Pima baada ya chaji. Usipime mara tu baada ya kuongeza maji, kwa sababu maji yanabaki juu na utasoma maji, hutasoma asidi.

Seli ya aina hii ikijaa inasoma kati ya 1.280 na 1.290 kwenye nyuzijoto 30. Ikitumika hadi asilimia 80 inashuka karibu 1.130. Kwenye ghala la baridi kumbuka joto: kwa kila nyuzi moja chini ya 30, usomaji unapanda kwa 0.0007. Asidi ya nyuzi 20 inayosoma 1.280 kwa kweli ni 1.273.

Niliandika namba zote 24 kwenye karatasi, seli kwa seli, kuanzia upande chanya. Seli 23 zilisoma kati ya 1.225 na 1.235. Seli ya 14 ilisoma 1.165. Iache hiyo kwanza, tuzishughulikie zile 23.

Zote zikishuka pamoja kwa kiasi kinacholingana, maelezo ni mawili tu. Ama betri haijajaa chaji, ama asidi yake imepungua nguvu kwa sababu ilimwagika na ikarudishiwa maji matupu. La pili linatokea sana: mtu anajaza maji hadi juu kabla ya kuchaji, betri inapochemka asidi inafurika, inateremka kwenye boksi la chuma, kesho anaongeza maji tena. Kwa haidromita peke yake huwezi kuyatofautisha. Kinachoyatofautisha ni kuendelea kuchaji.

Hapo ndipo unapoiweka kwenye chaji ya kusawazisha. Baada ya chaji ya kawaida kwisha, unaendelea na mkondo mdogo usiozidi ampea 5 kwa kila ampea-saa 100. Kwetu kikomo kilikuwa 31, tukatumia zile 25 za mwisho za chaja. Unapima asidi na volti kila saa. Usiruhusu asidi ipite nyuzijoto 55, na mimi binafsi napumzisha ikikaribia 50, kwa kuwa joto linakula fito za ndani ya mirija. Ukipata vipimo vitatu mfululizo visivyobadilika, betri imefika mwisho wake.

Kama volti zimepanda hadi 2.6 na zaidi, mapovu yanatoka sawasawa kwenye kila seli, lakini asidi imegandia 1.240, hapo asidi ndiyo iliyopotea, na fundi mwenye uzoefu anaweza kuirekebisha kwa kutoa kiasi na kuweka asidi nzito zaidi. Kufanya hivyo kabla ya kuthibitisha kwamba chaji imefika mwisho ni kosa kubwa. Unaongeza asidi juu ya ile iliyojificha kwenye mabamba, na siku itakapotoka utakuwa na seli ya 1.320 inayotafuna risasi yake yenyewe.

Kwetu asidi ilipanda. Usiku wa kwanza, baada ya saa nane za kusawazisha, seli 23 zilisoma karibu 1.255. Jumapili, kiwanda kikiwa kimya, tulirudia, zikafika kati ya 1.275 na 1.280 zikatulia hapo. Kumbe umeme uliokosekana ulikuwa umelala ndani kama salfeti.

Linganisha namba hizo na malalamiko ya dereva. Kutoka 1.280 hadi 1.130 ni tofauti ya 0.150, na hiyo ndiyo kazi ya siku nzima, saa tisa. Betri yao ilikuwa ikianza siku kwenye 1.230, ikibaki na 0.100 tu ya kutumia. Thuluthi mbili za saa tisa ni saa sita. Saa moja asubuhi ukiongeza saa sita unapata saa saba mchana, palepale mzee alipoachwa mlangoni. Hesabu hii si ya kukata kama kisu, maana sehemu ya kupanda kule ilikuwa asidi kuchanganyika tu. Lakini ikikubaliana hivi na maneno ya dereva, unajua uko kwenye njia.

Kuhusu kuchanganyika huko. Unapochaji, asidi nzito inayotoka kwenye mabamba inazama chini ya seli. Kinachoichanganya na ya juu ni mapovu ya sehemu ya mwisho ya chaji, zile saa ambazo watu wanaona zinapotea bure. Chaji ikikatwa kabla ya mapovu, juu panakuwa na asidi nyepesi na chini nzito, na salfeti ya chini ya mabamba hasi inakomaa kuwa fuwele ngumu. Ikiachwa hivyo kwa wiki, chaji ya kusawazisha inairudisha. Ikiachwa kwa miezi mingi, sehemu nyingine hairudi tena.

Dalili ya pili: seli moja imebaki nyuma

Sasa seli ya 14. Wakati wenzake wako volti 2.62 kwenye chaji, yenyewe ilikuwa 2.35 na mapovu yake hafifu. Niliiwekea kiganja ubavuni, ilikuwa na joto kuliko jirani zake. Baada ya chaji zote mbili ilifika 1.210 ikakwama. Tukaiacha siku nzima bila kazi, ikashuka 1.195, wakati nyingine hazikusogea.

Seli inayobaki nyuma inaweza kuwa na salfeti tu, na hiyo hupanda polepole ukiisawazisha. Inayopanda kidogo, ikapata joto, kisha ikashuka yenyewe ikiwa imepumzika, ina njia ya umeme ndani inayoila. Mabamba chanya na hasi yamegusana mahali fulani, kwa tope lililojaa chini, kwa kitenganishi kilichotoboka, au kwa mrija uliopasuka chini na kumwaga unga wake.

Kama huna haidromita, kuna njia ya multimita. Betri ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya chaji, volti ya seli ni karibu uzito wa asidi ukijumlisha 0.84. Asidi ya 1.280 inatoa volti 2.12. Ila kipimo kinachosema ukweli zaidi ni kile cha kwenye kazi. Mwambie dereva anyanyue paleti yenye mzigo huku wewe unapima seli moja moja. Kabla sijaanza kusawazisha nilifanya hivyo saa sita mchana: seli nyingi zilikuwa karibu 1.9 uma ukipanda, ya 14 ilikuwa 1.4. Seli ya namna hiyo ikisukumwa zaidi inaweza kugeuka, chanya ikawa hasi, na kuanzia hapo wenzake 23 wanafanya kazi ya kuichaji kinyume. Inavuta volti ya betri nzima chini, na mashine inakata uma mapema hata kama nyingine bado zina nguvu.

Kwa nini ya 14 na si nyingine? Ilikuwa kwenye kona, chini ya kebo kuu, na kifuniko chake hakifunguki mpaka kebo isogezwe. Kijana anayejaza maji alikuwa akiiruka. Tulipofungua, asidi ilikuwa chini ya ncha za mabamba kwa vidole viwili. Sehemu ya bamba iliyokaa hewani inakauka na kuharibika, na ile iliyobaki ndani inabeba mzigo wote katika asidi kidogo inayochemka. Tulivuta asidi kidogo kutoka chini kwa bomba, ikatoka na chembe za kahawia. Unga wa chanya ulikuwa umeshatoka kwenye soksi.

Seli hizo zimeunganishwa kwa kebo za bolti, kwa hiyo ilitolewa peke yake. Niliweka seli ya aina ileile, `5PzS 625`, iliyotoka kwenye betri nyingine iliyovunjwa, ambayo nilikuwa nimeipima mwenyewe. Seli iliyotumika ya umri unaokaribiana inaendana na wenzake vizuri kuliko mpya kabisa. Wapo wanaoiruka seli mbovu kwa kebo na kuendelea na 23. Ikiwa ni kumaliza zamu ya leo, nakubali. Ukiiacha hivyo, chaja iliyopangiwa seli 24 itazipa 23 volti ya ziada kila usiku, na utaua nyingine kwa joto ukitafuta kuokoa moja.

Dalili ya tatu: inakunywa maji kuliko zamani

Betri ya antimoni ikizeeka, antimoni inahama polepole kutoka kwenye fito za chanya na kutua kwenye mabamba hasi. Huko inarahisisha maji kuvunjika kuwa hidrojeni, kwa hiyo betri ya mwaka wa nne inakunywa kuliko ya mwaka wa kwanza. Ongezeko la taratibu kwenye seli zote ni uzee wa kawaida. Ongezeko la ghafla kwenye seli zote, pamoja na joto, ni chaja isiyozima: ipime volti ya mwisho na muda. Ongezeko kwenye seli moja tu mara nyingi ni kasha lililopasuka, na utaona unyevu usiokauka chini ya boksi.

Maji yenyewe yawe yaliyosafishwa, yale ya kuuzwa kwa ajili ya betri. Maji ya ziwa, hata yakichujwa yakang'aa, yana madini, na ya bomba yana klorini juu yake. Kuyachemsha hakuyatoi madini, kunayaongeza ukali kwa kuwa maji yanapungua na madini yanabaki. Chuma kinachoingia humo kinatembea kati ya bamba chanya na hasi kikiila chaji usiku kucha. Jaza mwisho wa chaji. Kabla ya chaji ongeza tu pale unapoona mabamba yako wazi, na kiasi cha kuyafunika basi. Na kamwe usiongeze asidi mahali pa maji, hata chupa zikifanana.

Jambo moja la viwanda vyetu. Sakafu za samaki zinaoshwa kwa mpira wa maji kila zamu, na betri inarushiwa. Uchafu wenye unyevu juu ya seli ni waya usioonekana. Pima kwa multimita kati ya nguzo ya betri na boksi la chuma. Ukisoma volti kadhaa, umeme unatembea kwenye uchafu huo. Osha juu ya seli kwa maji ya vuguvugu vifuniko vikiwa vimefungwa, kausha, fyonza asidi iliyokaa chini ya boksi. Upinzani kati ya betri iliyotumika na boksi lake usipungue omu 50 kwa kila volti, yaani omu 2,400 kwa betri ya 48.

Dalili ya nne: betri za gari mahali pa betri ya foklifti

Hii nimeikuta zaidi ya mara moja, na inanitia hofu. Betri imeondolewa, mahali pake zimefungwa N200 nne mfululizo, volti 48 zimepatikana, mashine inatembea. Baada ya miezi michache inaanza kuchoka saa nne asubuhi.

N200 ina mabamba bapa membamba mengi, yaliyotengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha kujazwa tena na altaneta. Ukiimaliza kila siku, unga wa chanya unamomonyoka kwa kuvimba na kunywea kulekule nilikokueleza, na hakuna soksi ya kuushika. Ukivuta asidi yake utaiona imekuwa kahawia. Hakuna chaji itakayourudisha unga ulioanguka.

Lakini kuchoka si hatari kubwa. Betri ya 48 volti ya `5PzS 625` ina uzito wa zaidi ya kilo 900, na uzito huo ni sehemu ya kinachozuia foklifti isiangukie mbele. N200 nne hazifiki kilo 300. Mashine imebaki na kibao kinachosema inabeba tani fulani, wakati kilo zaidi ya 600 za nyuma zimeondoka. Nikiikuta hivyo, ninamwomba msimamizi aisimamishe siku hiyohiyo, na sianzi kazi nyingine kabla haijasimama. Kwenye sahani ya mashine kumeandikwa uzito wa chini wa betri. Usome.

Dalili ya betri iliyofika mwisho kweli

Ipo, na ikifika haina dawa. Asidi ya seli nyingi ni ya kahawia baada ya kuchemka. Nguzo chanya zimepanda na kuinua kifuniko cha seli, kwa sababu fito zimeliwa na kutu ya risasi, na kutu hiyo imezirefusha. Chaji inafika 1.280 vizuri, lakini mchana inaanguka haraka kwenye seli zote, na kusawazisha hakubadilishi kitu. Uthibitisho ni kuitumia kwa mkondo uleule: ampea 125 kwa betri ya 625, mpaka betri nzima ifike volti 40.8, yaani 1.70 kwa seli. Ikijaa inapaswa kwenda saa tano. Ikishindwa kufika saa nne, iko chini ya asilimia 80, na kwa viwango maisha yake yamekwisha. Iuzwe kwa mnunuzi anayechukua risasi pamoja na asidi yake. Asidi hiyo ina risasi ndani, na mitaro ya viwanda vyetu inateremka ziwani.

Betri ya Nyakato haikuwa imefika huko. Chaja ilihamishiwa pale dereva anapoegesha, na mzee mwenyewe ndiye anayeichomeka saa kumi anapoondoka, hivyo inapata saa 13 kabla ya gari la alfajiri. Chaja ikapewa swichi yake upande wa jenereta. Kusawazisha kukapangwa kila Jumapili, na kebo ya kona ikafungwa upya ili kifuniko cha 14 kifunguke. Wiki ya tatu nilirudi saa kumi jioni nikapima kabla haijachomekwa. Seli zote 24 zilikuwa kati ya 1.140 na 1.150, na kontena la mwisho lilikuwa limeshafungwa mlango.